Bei ya chini ya tenda ya lori: tuihesabu kwa kurudi nyuma

Asalaam aleikum, jamaa. Wengi mmeniuliza bei ya tenda huanzia wapi, na sitaki tena kujibu kipande kipande. Somo la leo ni moja: bei ambayo ukishuka chini yake hata kwa shilingi hamsini, afadhali lori libaki kwa aliyekuwa akuuzie.

Tuchukue kazi ya kubeba kontena za chai kutoka ghala la Miritini hadi bandarini Kilindini. Mkataba ni wa miaka 4, safari 900 kwa mwaka, yaani kama tatu kila siku ya kazi. Lori na tela lake ni shilingi 8,000,000. Takwimu za lori hili nimezipanga mimi ili hesabu ifuatike, hivyo weka zako. Bei zote hapa ni kabla ya kodi ya ongezeko la thamani.

Kwanza niwaonyeshe hesabu iliyozoeleka, maana ndiyo inayoua. Kijana mmoja aliniletea karatasi ya namna hii. Gharama za mwaka za dereva na tanboi, bima, tairi, matengenezo na leseni ni 2,100,000. Dizeli ni 2,400 kwa safari, hivyo 2,160,000 kwa mwaka. Akaongeza uchakavu: lori la milioni 8 litauzwa 2,400,000 mwishoni, tofauti ikagawanywa kwa miaka 4, ikaja 1,400,000. Jumla 5,660,000. Juu yake akatia faida ya asilimia 10, akagawanya kwa safari 900, akapata kama 6,918. Karatasi safi, haina kosa la kujumlisha.

Kosa lake ni kwamba milioni 8 zinatoka leo, na uchakavu unazirudisha kidogo kidogo kwa miaka minne bila kuzilipa chochote kwa kungoja. Ile asilimia 10 ameitoza juu ya gharama za mwaka, wala si juu ya fedha zilizofungwa ndani ya lori. Tutaona baadaye imemgharimu kiasi gani.

Sasa twende kinyumenyume. Swali letu si "bei hii inaleta faida gani?" Swali ni "faida ninayoitaka inadai bei gani?" Mwenye lori anataka fedha zake zizae asilimia 16 kwa mwaka.

Hatua ya kwanza: kinachotoka leo. Lori 8,000,000. Ongeza 600,000 za kuzungushia kazi, kwa sababu utanunua dizeli na kulipa dereva kabla mteja hajalipa ankara ya kwanza. Jumla 8,600,000. Ada ya kununua makaratasi ya tenda usiiweke. Imeshatoka, na haitarudi upate kazi au uikose.

Hatua ya pili: kinachorudi mwishoni. Zile 600,000 zinarudi mteja akimaliza kulipa. Lori litauzwa 2,400,000, lakini hapa watu huteleza. Kwa sheria ya kodi ya Kenya, gari la kazi hukatwa asilimia 25 ya gharama yake kila mwaka kwa mafungu sawa, hivyo baada ya miaka 4 thamani yake kwenye vitabu vya kodi ni sifuri. Ukiliuza, fedha yote inahesabiwa kuwa mapato, na kampuni inatozwa asilimia 30. Mkononi zinabaki 1,680,000. Pamoja na mtaji wa mzunguko ni 2,280,000.

Lakini hizo ni za mwaka wa nne. Shilingi ya mwisho wa mwaka wa nne, kwa asilimia 16, leo ni senti 55 na kidogo tu (gawanya 1 kwa 1.16 mara nne, utapata 0.5523). Kwa hiyo 2,280,000 za wakati huo ni sawa na kama 1,259,000 za leo.

Hatua ya tatu: nafuu ya kodi. Yale makato ya asilimia 25 ni 2,000,000 kila mwaka. Hakuna fedha inayotoka mfukoni, ila yanapunguza faida inayotozwa kodi, hivyo kila mwaka unaokoa asilimia 30 yake, yaani 600,000. Shilingi moja kila mwaka kwa miaka 4 leo ina thamani ya 2.7982. Kwenye jedwali la kompyuta andika:

```
=PV(16%,4,-1)
```

Zidisha kwa 600,000 upate kama 1,679,000. Nimechukulia kwamba kampuni ina faida ya kutosha ya kukatiwa. Kama huna faida popote, nafuu hiyo inasogea mbele na bei yako lazima ipande.

Hatua ya nne: pengo. Kutoka 8,600,000 toa 1,259,000, toa na 1,679,000. Zinabaki 5,662,000. Hili ndilo pengo ambalo safari zenyewe lazima zilijaze. Ligawanye kwa 2.7982: kila mwaka kazi ilete 2,023,444 baada ya kodi. Mtoza kodi huchukua 30 katika kila 100, basi gawanya kwa 0.7 upate 2,890,634 kabla ya kodi. Tafadhali ni kugawanya kwa 0.7, si kuongeza asilimia 30. Ukiongeza asilimia 30 utapata kama 2,630,000 na utajipunja 260,000 kila mwaka.

Hatua ya tano: bei. Ongeza zile gharama zisizofuata safari, 2,100,000, upate 4,990,634. Gawanya kwa safari 900: shilingi 5,545. Weka dizeli ya safari, 2,400. Bei ya chini ni 7,945.

Usiiamini kabla ya kuirudia kutoka mbele. Safari 900 kwa 7,945 ni 7,150,500. Toa gharama zote 4,260,000, zinabaki 2,890,500. Toa makato ya lori 2,000,000, kodi inakuwa asilimia 30 ya 890,500, yaani 267,150. Fedha mkononi ni 2,623,350 kwa mwaka. Zidisha kwa 2.7982, ongeza zile 1,259,000 za mwisho, inakuja 8,600,000 kasoro mia chache. Kilichotoka kimerudi pamoja na asilimia 16 yake, hakuna cha ziada. Andika 7,950 na uende nayo kwenye mazungumzo ukijua mwisho wako.

Na yule kijana wa 6,918? Kwa bei hiyo pungufu lake kwa thamani ya leo ni kama 1,800,000. Lori lingemzalishia asilimia 6 hivi kwa mwaka. Vitabu vyake vingeonyesha faida miaka yote minne, ndiyo maana asingeshtuka.

Jambo moja kabla ya maswali: hesabu hii yote imekalia zile safari 900. Foleni ya Kibarani au lango la bandari ikikuangusha hadi 700, bei inayotakiwa ni 9,529, na ukiwa umeshasaini 7,950 umepoteza kama milioni 2.2 za leo. Kwa hivyo mimi huomba mkataba utaje idadi ya chini ya safari ambazo mteja atalipia hata asipozitoa. Akikataa, hesabu bei kwa idadi unayoiamini wewe, usichukue ya meneja wake wa ghala.

Maswali ya wanachama

Mama Ushuru: *Maalim, shikamoo. Mbona riba ya benki siioni? Nusu ya lori langu ni mkopo.*

Marahaba, mama. Riba imo ndani ya ile asilimia 16. Tuseme nusu ni mkopo wa asilimia 14. Kwa kuwa riba inapunguza kodi, inakugharimu 9.8 tu. Nusu nyingine ni fedha yako, na unataka izae 22. Wastani ni 15.9, ndiyo 16 yetu. Ukiiweka riba tena kwenye gharama za mwaka utakuwa umeilipa mara mbili, na tenda itakwenda kwa jirani. Ratiba ya marejesho ya benki itazame kando, kwa ajili ya kujua kama fedha ya kila mwezi itatosha.

Dereva wa Zamani: *Mteja wangu analipa baada ya siku 90. Bei inaguswa?*

Inaguswa sana, kaka. Zile 600,000 zetu ni kama mauzo ya mwezi mmoja. Siku 90 zinadai miezi mitatu, yaani 1,200,000 zaidi zimelala kwa mteja. Zitarudi, lakini mwaka wa nne, kwa senti 55. Unachopoteza leo ni kama 537,000. Gawanya kwa 2.7982, kisha 0.7, kisha 900: shilingi 305 kwa safari. Bei yako ni 8,250. Mpe bei mbili kwenye barua moja, ya siku 30 na ya siku 90, achague. Mara nyingi mkuu wa fedha wake ataigundua ile ya siku 30 mwenyewe.

Kijana wa Changamwe: *Bei imefungwa miaka 4 lakini dizeli haikai. Nifanyeje?*

Dizeli itoe ndani ya bei iliyofungwa. Mamlaka ya nishati hutangaza bei ya pampu kila tarehe 14 ya mwezi, hivyo kuna kipimo ambacho hakuna anayeweza kukibishia. Dizeli ikipanda asilimia 10, bei ya safari ipande 240 kamili. Hakuna haja ya kugawanya kwa 0.7, kwa sababu gharama inapunguza kodi kwa kiasi kile kile ambacho bei inaiongeza. Mteja akishikilia bei moja isiyotikisika, na unadhani gharama zote zitapanda asilimia 5 kila mwaka kuanzia mwaka wa pili, bei ya kufunga ni kama 8,266.

Abu Tela: *Mimi lori ninalo, limeshamaliza makato yote ya kodi. Si naweza kushuka mpaka gharama za kila siku tu?*

La, shekhe. Ukilitia kwenye kazi hii umekataa kuliuza. Tuseme leo linauzika 5,000,000, baada ya kodi 3,500,000. Hicho ndicho kinachotoka leo, pamoja na 600,000 za mzunguko. Nafuu ya kodi huna tena. Tuseme baada ya miaka 4 litauzwa 1,200,000, ubaki na 840,000. Fuata hatua zile zile, utafika 6,608. Ila lori kuukuu hula vipuri: kila 100,000 za ziada za gereji kwa mwaka ni shilingi 111 juu ya safari. Zikiwa 300,000, uko 6,941. Bado uko chini ya mwenye lori jipya kwa kama elfu moja, na hapo ndipo ushindani wako ulipo, mradi lisikulalie Miritini siku ambayo meli inafunga kupokea mizigo.