Somo: Kupanga siku ya upigaji wa filamu yenye lokesheni mbili

Kwenye ubao wa vipande, yaani ubao wa kupangia ratiba ya upigaji, kila sini ina kipande chake chenye namba, lokesheni, wahusika na urefu unaohesabiwa kwa thumuni za ukurasa wa skripti. Kwa desturi ya siku nyingi, nyeupe ni ndani mchana, njano ni nje mchana, buluu ni ndani usiku na kijani ni nje usiku.

Tuchukue siku yenye vipande vinne: sini ya 12 (nje, mchana) na ya 15 (ndani, mchana), zote kwenye nyumba moja, kisha ya 31 (nje, mchana) na ya 40 (ndani, usiku), zote gereji. Kikosi kinaripoti saa 1:00 asubuhi na jua linazama saa 12:30 jioni.

Kwanza, anza na kipande kisichoweza kusubiri, yaani sini ya 31, kisha uhesabu kurudi nyuma. Inahitaji saa mbili na nusu, na mwanga wa kutegemewa tunauhesabu hadi saa 12:00. Basi ni lazima ianze saa 9:30.

Pili, weka kipande cheusi cha kuhama, nacho kiwe na muda wake kamili. Wengi huandika mwendo wa gari peke yake, na hapo ndipo ratiba inapovunjika. Kufungasha taa ni dakika 30, safari 25, kufunga upya 45: jumla saa 1 na dakika 40.

Tatu, weka mlo. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba kikosi kipate mlo kabla ya saa sita kupita tangu kuripoti, yaani kabla ya saa 7:00 mchana. Sini ya 12 na ya 15 zikamilike saa 6:30, watu wapate mlo hapo hapo hadi 7:30, wahame, na saa 9:10 wawe tayari. Dakika 20 zinazobaki zisiguswe.

Mvua ikinyesha asubuhi, badilisheni nafasi za 12 na 15. Sini ya 40 inafuata giza likiingia, lakini imalizike kabla ya saa 1:30 usiku. Ikipita hapo, mlo wa pili unadaiwa.

Swali: Je, tukila ndani ya gari hatuokoi saa nzima?

Jibu: Hapana. Dereva yuko kazini, na wanaofungasha pia. Huo si mlo, na deni la mapumziko linabaki pale pale.

Swali: Tukifika gereji saa 10:00, tukate nini?

Jibu: Msikate kwanza, pangeni upya shoti. Pigeni zile pana zinazoonyesha anga, kwa sababu haziigiziki kwa taa. Sura za karibu zinaweza kupigwa mwishoni kwa taa na kitambaa cha kulainisha mwanga, mradi mandhari ya nyuma yasionekane yamefifia. Mkiona bado muda hautoshi, ondoeni shoti ambayo mhariri anaweza kuishi bila hiyo, na mwongozaji aamue hilo saa 10:00, si saa 11:45.