Naona aibu, sina mimba: mtego wa "embarazada" kwa waongoza watalii wa Bagamoyo

Mwongoza watalii wa kike amechelewa nusu saa kuwafikisha Wahispania Kaole. Anataka kuwaambia ameona aibu. Kichwani linamjia neno la Kiingereza "embarrassed", analivisha sauti ya Kihispania: "Lo siento, estoy muy embarazada." Wageni wanamwangalia tumbo, kisha wanachangamka: "¡Enhorabuena! ¿De cuántos meses?" Hongera, una miezi mingapi?

"Embarazada" ni mjamzito. Mwanamume akisema "estoy embarazado" atavunja watu mbavu.

Hatua ya 1: Usipitie Kiingereza. Kiswahili kiko karibu zaidi. Sisi husema jambo "linanitia aibu", na Mhispania husema linampa aibu: "me da vergüenza". Sentensi hiyo haibadiliki kwa mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo huna haja ya kuwaza mwisho wa neno uwe a au o. Ukitaka kukazia, sema "me da mucha vergüenza".

Hatua ya 2: Tamka. Hapa watu wa pwani tumebarikiwa. Sehemu kubwa ya Hispania, z hutamkwa kama th ya "thelathini", na g ya neno hili ni kama gh ya "ghali": me da berghwentha. Kwa wageni wa Amerika ya Kilatini, weka s: berghwensa. Wageni wa Meksiko husema pia "me da pena", lakini ukimwambia hivyo mtu wa Madrid ataelewa kwamba umehuzunika.

Hatua ya 3: Likikuponyoka, rekebisha papo hapo. Dalili ni hongera usiyoitarajia, au neno "meses", miezi. Sema: "No, no. Quería decir que me da vergüenza." Nilitaka kusema naona aibu. Ukijibu "sí, gracias" kwa adabu tu, umeshakubali mimba, na safari nzima utatafutiwa kivuli na kupokewa mkoba.

Hatua ya 4: Sikiliza upande wa pili. Hili ndilo kosa zito. Mgeni akisema "estoy embarazada" kabla ya kupanda jahazi, usimjibu kwamba asione haya. Amekueleza hali yake ya mwili. Muulize "¿De cuántos meses?", mjulishe nahodha, na msikubaliane safari kabla mgeni hajajua bahari ikoje siku hiyo.

Kulikumbuka neno, tafuta "baraza" ndani yake: em-baraza-da. Mjamzito amepumzika barazani. Na usishangae ukikuta "una situación embarazosa": hiyo kweli ni hali ya kutia aibu, ila husemwa juu ya jambo, si juu ya mtu aliyeona aibu.