Supu, Stoki na Supu ya Mifupa: Namna ya Kupata Mchuzi Unaoganda

Nyama ikichemshwa kwa saa moja au mbili pamoja na chumvi na kitunguu, maji yake ni supu ya nyama: ladha inatoka kwenye mnofu, na ikipoa hubaki majimaji. Stoki, kama wapishi wa hotelini wanavyoiita, hutokana na mifupa, maungio na ngozi. Huchemka kwa saa nyingi zaidi na haitiwi chumvi, kwa sababu bado ni msingi wa mchuzi mwingine, na ikipunguzwa motoni chumvi yoyote iliyomo hukolea kupita kiasi. Supu ya mifupa hupikwa kama stoki, mara nyingi kwa saa 12 au zaidi, kisha hukolezwa na kunywewa kama supu. Kwa maoni yangu, tofauti kati ya hizi mbili za mwisho ni ya jina na matumizi zaidi kuliko ya upishi.

Jambo linalozitenga na supu ya nyama ni jelatini. Ndani ya kano, gegedu na ngozi mna protini ngumu iitwayo kolajeni, ambayo nyuzi zake zimesokotwa tatu tatu kama kamba. Maji ya moto, yakipewa muda, huifumua kamba hiyo, na nyuzi zilizoachana ndizo jelatini. Mchuzi ukipoa, nyuzi hizo hushikana tena bila mpangilio na kuyanasa maji katikati yake, ndiyo maana stoki nzuri hutetemeka ikitoka kwenye friji, kisha huyeyuka mara tu ifikapo mdomoni.

Hatua ya kwanza: chagua mifupa. Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa. Niliwahi kuchemsha mifupa mirefu ya ng'ombe, iliyokatwa katikati na kujaa uboho, kwa muda wa saa 12, na asubuhi yake nikakuta maji yenye mafuta mengi juu yasiyoganda hata kidogo. Muda ulitosha, lakini uboho ni mafuta kwa sehemu kubwa, na kolajeni iliyomo katika mfupa mgumu wa katikati hutoka kwa shida kuliko ile ya magoti, shingo, mabawa na miguu. Kwa chungu cha kujifunzia, chukua kilo moja na nusu ya migongo na shingo za kuku, pamoja na nusu kilo ya miguu ya kuku iliyosafishwa na kukatwa kucha.

Hatua ya pili: maji. Mimina maji baridi yafunike mifupa kwa vidole viwili tu, ambayo kwa kiasi hiki ni kama lita tatu. Maji yakizidi, jelatini ileile hutawanyika na mchuzi hukataa kuganda, ingawa hukukosea kitu kingine chochote.

Hatua ya tatu: moto. Pandisha joto polepole na uenguwe povu linalojitokeza. Kabla maji hayajachemka kwa nguvu, punguza moto mpaka uone kiputo kimoja kimoja kikipanda kutoka chini. Mchemko mkali huyavunja mafuta kuwa chembe ndogo na kuyachanganya na maji, na mchuzi hutoka mweupe wenye ladha ya mafuta. Acha kwa saa nne hadi tano. Mifupa ya ng'ombe huhitaji nane au zaidi. Kitunguu na karoti vitie katika saa ya mwisho.

Usidhani kwamba kuongeza saa huongeza ugumu bila kikomo. Kolajeni ikishatoka yote, joto huendelea kuzikatakata nyuzi za jelatini, na vipande vifupi havishikani vizuri, kwa hiyo supu ya mifupa iliyokaa motoni siku nzima huweza kuganda kwa ulegevu kuliko stoki ya saa tano.

Hatua ya nne: chuja na upoze. Chuja bila kuikamua mifupa, weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ili mchuzi upoe upesi, kisha uingize kwenye friji ndani ya saa mbili. Hukaa humo siku tatu au nne.

Hatua ya tano: pima. Kesho yake, ondoa mafuta yaliyoganda juu na uinamishe bakuli. Mchuzi ukitikisika kwa pamoja kama kitu kimoja, umefaulu. Ukiteleza kama uji mwepesi, jelatini imo lakini maji yamezidi. Urudishe motoni bila kifuniko mpaka ubaki theluthi mbili, kisha upime tena. Ukibaki maji matupu, kuupunguza hakutasaidia sana: utie miguu mingine nusu kilo na uuchemshe kwa saa tatu zaidi.