Kabla ya kufungua faili la CSV lenye namba zinazoanza na sifuri

Faili la CSV ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Halibebi maelezo yoyote kwamba safu fulani ni msimbo na nyingine ni hesabu. Ukilibofya mara mbili, Excel hukisia yenyewe: ikiona 004581 inadhani ni kiasi, inaandika 4581. Alama za nukuu kwenye faili hazisaidii. "004581" nayo itakatwa.

Kwa hiyo, kabla ya yote, weka nakala ya faili la asili mahali usipoligusa. Kisha fungua nakala nyingine kwa Notepad, uone msimbo una tarakimu ngapi na kama zote zina urefu mmoja. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Msimbo wa tarakimu 6 ukipoteza sifuri unaweza kurudishwa kwa fomula hii:

```
=TEXT(A2,"000000")
```

Lakini kama orodha ina 0123 na pia 123, zote mbili huwa 123, na hakuna fomula itakayojua ipi ni ipi.

Angalia pia namba za utambulisho zenye tarakimu 16 au zaidi. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, zinazofuata huzigeuza sifuri. 4038127745019267 itaonekana kama 4.03813E+15, na ndani yake imebaki 4038127745019260. Kubadilisha seli kuwa Text baada ya hapo ni kazi bure, maana 7 ya mwisho imeshapotea.

Njia salama ni kuanza na kitabu kitupu cha Excel, kisha Data, halafu From Text/CSV. Usibonyeze Load, bonyeza Transform Data, chagua safu ya msimbo na uiwekee aina Text. Utaulizwa swali dogo ambalo wengi hulijibu vibaya. Chagua Replace current. Ukichagua Add new step, safu inageuzwa namba kwanza, ndipo inafanywa maandishi, na sifuri zinakuwa zimekwisha kwenda. Rudia kwa kila safu ya utambulisho, zikiwemo namba za simu, kisha Close & Load. LibreOffice ni rahisi zaidi: dirisha la kuingiza hutokea lenyewe, unabofya kichwa cha safu na kuchagua Text.

Kabla ya kuhifadhi, hesabu misimbo yenye urefu usio sahihi, mfano kwa mistari 499:

```
=SUMPRODUCT(--(LEN(A2:A500)<>6))
```

Jibu liwe 0. Futa fomula hiyo, isije ikaingia kwenye faili, kisha hifadhi kama CSV UTF-8.

Kukagua matokeo, tumia Notepad tena. Ukilibofya mara mbili faili ulilohifadhi, sifuri zitatoweka mbele ya macho yako ingawa zimo ndani ya faili. Zitapotea kweli ukibonyeza Save.