Kutambua vigezo vya habari kwa kutumia gazeti na ubao wa matangazo wa mtaa

Wanafunzi wengi wa uandishi wa habari hukariri orodha ya vigezo vya habari, yaani mambo yanayofanya tukio lichaguliwe kuwa habari: upya, ukaribu, umaarufu, mgogoro, athari, upekee. Ukiwauliza kwa nini habari fulani imewekwa ukurasa wa mbele, wanataja vinne vitano kwa mpigo, na karibu kila habari inapata vyote. Juzi nilikaa na binti mmoja hapa Tanga anayejiandaa na mtihani wa cheti. Tuliiweka orodha pembeni tukafanya hivi.

Hatua ya 1. Nunua gazeti la karatasi

La simu halifai kwa kazi hii. Kwenye simu mara nyingi habari hupangwa moja chini ya nyingine kama zina uzito sawa, wakati mhariri wa ukurasa wa mbele huonyesha uamuzi wake kwa ukubwa wa herufi, kwa picha, na kwa kilichokaa juu, mahali macho ya mpita njia yanapotua kwenye meza ya magazeti.

Hatua ya 2. Piga picha ubao

Siku hiyohiyo nenda ofisi ya serikali ya mtaa, muombe mtendaji ruhusa, piga picha ubao mzima. Sisi tulitumia ubao wa mtaa mmoja wa Ngamiani. Usiache karatasi zilizopauka kwa jua.

Hatua ya 3. Vua kila habari nguo zake

Hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo usiharakishe. Andika kila habari na kila tangazo kwa sentensi moja kavu: nani, nini, lini. Futa machozi ya mama, futa "yatikisa", futa jina la mtu kama tukio lingebaki lilelile bila yeye.

Sababu ni hii. Utafiti unaotajwa sana kuhusu vigezo vya habari ni wa Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge wa mwaka 1965, waliochunguza jinsi magazeti manne ya Norwei yalivyoandika migogoro ya Kongo, Kuba na Saiprasi. Tony Harcup na Deirdre O'Neill walipovipima upya vigezo vya wawili hao kwenye magazeti ya Uingereza mwaka 2001, walionyesha tatizo ambalo vitabu vingi vya darasani hulipita: baadhi ya vigezo huenda havielezi habari ilivyochaguliwa, bali ilivyoandikwa baada ya kuchaguliwa. Ukiona habari ya mafuriko imeanza na mkulima mmoja aliyepoteza mbuzi, usiandike haraka kwamba imechaguliwa kwa sababu ya mguso wa kibinadamu. Inawezekana mafuriko yalishachaguliwa, kisha mwandishi akatumwa kumtafuta mkulima. Gazeti lenyewe halitakuambia kipi kilitangulia. Kama huna mtu wa chumba cha habari wa kumuuliza, weka alama ya kuuliza uendelee.

Angalia pia mambo yasiyo vigezo kabisa: picha nzuri iliyopatikana, tangazo la biashara lililokula nusu ukurasa, habari iliyofika gazeti likiwa limeshaenda mtamboni.

Hatua ya 4. Badilisha jambo moja tu

Chukua tangazo moja la ubaoni. Letu lilisema maji yatakatika Jumatano, asubuhi hadi jioni, kwa matengenezo ya bomba. Linamgusa kila aliye mtaani, ni jipya, ni la karibu. Kwa orodha ya kukariri lingestahili ukurasa wa mbele, lakini gazetini halikuwepo.

Sasa libadilishe kidogokidogo. Maji yakatike jiji zima: linapata nafasi kurasa za ndani, kwa kuwa kiwango kimepanda. Yakatike jiji zima bila taarifa: linasogea mbele, kwa kuwa halikutarajiwa. Rudisha mtaa mmoja na taarifa yake, ila waziri awepo: linaweza kuruka hadi juu kabisa, ingawa walioathirika ni walewale. Kila mara badilisha kimoja. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimelisogeza.

Hapo utaona ubao unachagua kwa kigezo kingine: mkazi anatakiwa afanye nini, na mtendaji anawajibika kumjulisha nini. Ajaze ndoo, ampeleke mtoto chanjo, aje mkutanoni. Mara nyingi ubao unatazama kesho, ukurasa wa mbele unatazama jana.

Taarifa ya mapato na matumizi ya miezi mitatu ni mfano mzuri zaidi wa kile ambacho mtendaji anawajibika kumjulisha mkazi. Ubaoni inakaa wiki kadhaa. Gazeti la kila siku haliipati kirahisi, kwa sababu halitoki kwa mwendo wa miezi mitatu. Linahitaji kitu kilichoanza na kuisha kati ya toleo moja na jingine. Wakazi wakiikataa taarifa hiyo mkutanoni na kumtoa mwenyekiti, siku inayofuata ni habari, na hesabu zenyewe huenda zikapata aya ya sita.

Hatua ya 5. Jaza jedwali

Safu tatu: sentensi kavu, mahali ilipokaa, kigezo. Kigezo ambacho kukiondoa hakuihamishi habari, usikiandike.