Kusoma tena au kufunga daftari na kuandika? Jaribio la kumbukumbu unaloweza kuwafanyia wanafunzi wenzako

Tesiti zikikaribia, hosteli nzima hupiga msuli kwa mtindo mmoja: madesa yanasomwa, yanapigwa mistari kwa kalamu ya rangi, kisha yanasomwa tena. Ni wachache wanaofunga daftari, wakachukua karatasi tupu na kuandika walichokishika. Njia ipi kati ya hizi mbili hubakisha mengi zaidi baada ya wiki moja? Swali hili linafaa kwa mradi wa saikolojia wa mwaka wa pili au wa tatu, kwa kuwa halihitaji maabara. Unahitaji karatasi, bahasha, saa na watu 24.

Jaribio la kuigia lipo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi vya kusoma. Kifungu kimoja kilisomwa mara mbili. Kingine kilisomwa mara moja, kisha mwanafunzi akaandika yote anayokumbuka bila kukiangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, kusoma mara mbili kulishinda: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 42, walioandika asilimia 56. Kwa hiyo ukiwapima wenzako siku ileile utapata jibu moja, ukiwapima baada ya wiki utapata jingine. Muda wa kungoja ndio roho ya jaribio hili, usije ukaufupisha kwa sababu tarehe ya kukusanya ripoti imekaribia.

Hatua ya 1: Andaa vifungu viwili

Andika vifungu viwili vya maneno kama 250 kila kimoja, kwa lugha ambayo washiriki husomea bila taabu. Mada iwe ngeni kwao na isiwe ya kozi yoyote wanayosoma. Mimi napenda kiwavi wa hariri na pengwini mkubwa wa Antaktika, maana ni nadra kumpata mtu anayejua mengi juu ya vyote viwili. Usichague pweza ukiwa na washiriki waliokulia Pwani, wala kahawa ukiwa na watu wa Kagera.

Kisha kata kila kifungu katika vipande 30 vya habari. Kipande ni wazo dogo linaloweza kukumbukwa au kusahaulika peke yake. Chukua sentensi hii: “Kiwavi wa hariri hula majani ya mforosadi tu, na hujifumia kifuko kwa uzi mmoja unaoweza kufika mita 900.” Hapo kuna vipande vitano: anakula majani ya mforosadi, hali kingine, anajifumia kifuko, uzi ni mmoja, uzi unaweza kufika mita 900. Orodha hii iandike kabla hujaona jibu la mtu yeyote. Ukiikata baadaye, utajikuta unaikata kufuata majibu yaliyokupendeza.

Vifanyie majaribio kwa watu watatu au wanne ambao hutawatumia tena, na uwapime baada ya siku kadhaa. Wakikumbuka vipande viwili au vitatu tu kati ya 30, kifungu ni kigumu mno na njia zote mbili zitalingana huko chini. Wakikumbuka karibu vyote, ni chepesi mno.

Hatua ya 2: Panga nani afanye nini

Kila mshiriki afanye njia zote mbili, moja kwa kila kifungu. Hivyo mwenye kumbukumbu kali analinganishwa na nafsi yake, si na jirani yake, na watu 24 wanaweza kukupa jibu ambalo kwa makundi mawili tofauti lingehitaji watu wengi zaidi. Lakini kama wote watasoma tena hariri na kuandika pengwini, hutajua kilichofanya kazi ni njia au ni pengwini. Kwa hiyo wagawe katika mafungu manne ya watu sita sita:

Fungu la kwanza linaanza na hariri kwa kusoma tena, kisha pengwini kwa kuandika. La pili linaanza na hariri kwa kuandika, kisha pengwini kwa kusoma tena. La tatu linaanza na pengwini kwa kusoma tena, kisha hariri kwa kuandika. La nne linaanza na pengwini kwa kuandika, kisha hariri kwa kusoma tena.

Weka karatasi za kila mtu ndani ya bahasha kwa mpangilio, zipe bahasha namba, zichanganye, kisha zigawe mlangoni. Usiwaache marafiki wachague wenyewe, na usiwapange kwa safu za viti; wanaokaa mbele na wanaokaa nyuma mara nyingi si watu wa aina moja.

Hatua ya 3: Ridhaa

Pata kibali cha msimamizi wako kwanza. Fomu ya ridhaa iseme kwamba kuna vikao viwili vilivyoachana wiki moja, kwamba kazi ni kusoma na kuandika, kwamba mtu anaweza kuacha wakati wowote, na kwamba matokeo hayagusi maksi zake. Usitaje kwamba kikao cha pili ni cha kupima kumbukumbu, kwa sababu wapo watakaokwenda kurudia kimoyomoyo wiki nzima. Kuficha huku ni kudogo, lakini unawajibika kumweleza msimamizi na kuwafafanulia washiriki mwishoni.

Waulize pia kama wameshasoma kozi ya kumbukumbu. Mwanafunzi anayeijua nadharia yako atakusaidia bila kuombwa, na hilo ni tatizo. Ikiwezekana chukua wenzako wa idara nyingine.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza

Dakika 5 wanasoma kifungu cha kwanza. Dakika 2 wanafanya hesabu za kujumlisha, ili wasiendelee kukishikilia kichwani. Dakika 5 zinazofuata, mwenye karatasi ya kifungu anakisoma tena, na mwenye karatasi tupu yenye kichwa cha habari peke yake anaandika yote anayokumbuka. Kusanya karatasi, wape hesabu nyingine za dakika 2, kisha rudia mzunguko huohuo kwa kifungu cha pili.

Muda lazima ulingane hadi sekunde. Aliyemaliza kusoma mapema asifunge karatasi, arudie tangu juu. Aliyemaliza kuandika abaki akijikamua.

Hapa ndipo miradi mingi huharibika, na huharibika kwa nia njema. Mwanafunzi anaona ni vizuri kupata kipimo cha mwanzo, basi baada ya dakika hizo anawapa wote tesiti fupi kwa vifungu vyote viwili. Tesiti hiyo yenyewe ni kuandika kwa kukumbuka. Kwa kuitoa umewahamisha wale wa kusoma tena waingie kwenye njia ya pili, na wiki ijayo utashangaa kwa nini hakuna tofauti. Ukitaka kujua hali ya dakika 5, tafuta watu wengine kabisa ambao hutawapima tena.

Kitu unachoweza kuongeza, ingawa kinaweza kuwadokezea baadhi kwamba watapimwa, ni swali moja baada ya kila kifungu: “Wiki ijayo unadhani utakumbuka kiasi gani, kuanzia 1 hadi 7?” Katika jaribio la pili la Roediger na Karpicke, waliosoma mara nyingi zaidi ndio waliojiamini zaidi, na ndio waliokumbuka kidogo zaidi baada ya wiki. Ukiona hali hiyo kwa wenzako, sehemu yako ya mjadala itakuwa na nyama.

Hatua ya 5: Kikao cha pili

Siku saba baadaye, saa ileile, chumba kilekile. Kila mtu apate karatasi mbili zenye vichwa vya habari, dakika 10 kwa kila moja, kwa mfuatano wa siku ya kwanza. Mwishoni waulize kwa maandishi kama walitegemea kupimwa, na kama walizungumza na mtu au kutafuta habari za mada hizo. Kundi la WhatsApp la darasa linaweza kuvujisha jambo hili jioni ileile. Kisha waeleze ukweli wote wa jaribio.

Wapo watakaokosa kurudi. Anza na watu 28, saba kwa kila fungu, ili ukipoteza wachache mafungu yasiyumbe sana. Aliyekosa kikao cha pili haingii kwenye hesabu, na usimpime siku ya tisa kwa kumhurumia.

Hatua ya 6: Sahihisha bila kujua

Wasahihishaji wawe wawili, na wasijue karatasi ni ya njia ipi. Kila kipande ni alama 1 au 0. Nusu alama huleta ugomvi usioisha. Maneno si lazima yafanane na ya kifungu, wazo ndilo linalotakiwa. Mfano, mtu ameandika: “Kiwavi anakula majani ya mti fulani peke yake, anajitengenezea nyumba ya uzi mrefu sana.” Kwa kanuni yangu anapata 2 kati ya 5: hali kingine, na anajifumia kifuko. Mforosadi hakuutaja, hakusema uzi ni mmoja, na “mrefu sana” si mita 900. Mwingine angempa pia ya majani. Kanuni yoyote kati ya hizo inafaa, mradi imeandikwa kabla na inatumika kwa wote.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Kwa kila mtu, toa alama za kusoma tena kwenye alama za kuandika. Tuseme, kwa namba za kubuni ili uone mwendo, watu wanane wana tofauti hizi: 4, 6, −1, 3, 5, 0, 2, 5. Jumla ni 24, wastani ni 3. Mkengeuko sanifu ni takriban 2.51. Ugawe kwa kipeuo cha pili cha 8, unapata 0.89. Kisha 3 gawa kwa 0.89 ni t ya karibu 3.4. Kwa watu wanane jedwali la t linadai izidi 2.365, kwa hiyo tofauti hii ni ngumu kuiita bahati. Kwa watu 24 kiwango hicho ni 2.069.

Ukiwa na Excel, weka alama za kuandika safu ya B na za kusoma tena safu ya C, kisha:

```
=T.TEST(B2:B25,C2:C25,2,1)
```

Ile 1 ya mwisho ndiyo inayosema alama zimetoka kwa mtu yuleyule. Ukiweka 2, programu itadhani ni makundi mawili tofauti na faida yote ya Hatua ya 2 itapotea. Kinachotokea ni thamani ya p, si t.

Kabla ya kuandika hitimisho, angalia wastani wa hariri dhidi ya pengwini. Ukikuta kifungu kimoja kimekumbukwa zaidi kwa njia zote mbili, hilo linavumilika, kwani mafungu yamelisawazisha. Ukikuta faida ya kuandika imejitokeza kwenye kifungu kimoja tu, liseme wazi kwenye ripoti. Na usivuke mpaka wa ulichopima: ni kukumbuka habari za kifungu cha kusoma baada ya siku saba. Kukokotoa takwimu au kuelewa nadharia ngumu hukuvipima, hata kama msomaji wako angependa sana kusikia habari zake.