Kunyoosha miguu dakika 10: jinsi ya kuanza pale moyo unapokuwa mzito

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Kigoma mjini. Nikimwambia mtu mwenye sonona kwamba kutembea kutamsaidia, jibu ninalopata mara nyingi ni lile la mama mmoja muuza dagaa, ambaye nimebadilisha baadhi ya mambo yake asitambulike. Alinitazama akasema: "Mwanangu, mimi natoka Kibirizi na beseni kichwani kila siku. Nitembee tena?"

Ni swali la haki. Tafiti zinazotenganisha mwendo wa kazi na mwendo wa mtu aliouchagua mwenyewe zimeona kuwa huu wa pili ndio unaoendana na hali njema ya moyo. Ule wa kazi hauonyeshi faida hiyo. Sababu haiko mbali. Anayebeba beseni anawaza bei, deni na jua linalozidi kupanda, na hawezi kusimama akichoka. Kwa hiyo mwongozo huu haukuongezei kazi. Unakuonyesha namna ya kupata dakika chache za mwendo usio na mzigo wala safari ya kufika mahali.

Hatua ya 1: Andika namba kabla hujatoka

Chukua daftari. Jiulize, moyo wangu uko wapi sasa hivi, kuanzia 0 hadi 10? 0 ni siku mbaya kuliko zote unazozikumbuka, 10 ni siku njema kuliko zote. Andika, toka, ukirudi andika tena. Nasisitiza hili kwa sababu sonona hudanganya kumbukumbu: jioni mtu atakuapia kwamba kutembea hakukumsaidia chochote, kumbe daftari linaonyesha alitoka na 3 akarudi na 4.

Hatua ya 2: Panga saa na mahali pa kugeukia

Usisubiri hamu ya kutoka. Katika ugonjwa huu hamu huchelewa, mara nyingi huja baada ya mtu kuwa ameshaanza. Funga mwendo wako kwenye jambo linalotokea kila siku: baada ya chai, baada ya kufunga genge, au baada ya kuswali alasiri kama wewe ni mtu wa swala.

Kisha chagua kitu kilicho umbali wa dakika 5 kutoka mlangoni kwako. Yule mama alichagua mwembe ulio karibu na kwake. Unakwenda hadi hapo, unageuka, unarudi. Dakika 10 zimetimia bila kutazama saa. Chagua njia yenye watu na mwanga, na wiki ya kwanza kwepa milima. Mji wetu ni wa miinuko. Ukianza na kilima cha kupanda Mwanga kutokea stesheni, utahema, utaona umeshindwa, na kesho hutatoka.

Raba si lazima, ila kandambili inayochomoka itakukatisha.

Liko pia jambo ambalo miongozo mingi hailigusi. Hapa kwetu mtu akionekana anatembea mikono mitupu huulizwa, "Unaenda wapi?" Mgonjwa wangu aliona aibu kwa swali hilo hata siku ya pili akarudi ndani. Tulikubaliana awe na jibu moja tu: "Nanyoosha miguu." Hakuna aliyemuuliza zaidi. Andaa jibu lako kabla hujatoka.

Hatua ya 3: Mwendo wenyewe

Kipimo ni pumzi. Uweze kuongea na mwenzako lakini usiweze kuimba wimbo mzima bila kukatika. Huo ndio mwendo wa wastani. Siku za mwanzo hata pole kuliko hapo panatosha.

Linaloharibu zaidi ni mawazo yaleyale kutembea pamoja nawe. Dalili yake ni kurudi nyumbani bila kukumbuka ulichokiona njiani, na namba imeshuka. Likikutokea, peleka macho nje: taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, kisha sauti tatu unazozisikia. Mawazo yakirudi, anza upya. Isipofaa, tembea na mtu. Hata mtoto wa jirani anatosha, maana atakuuliza maswali.

Hatua ya 4: Ongeza kidogo, hata ukijisikia vizuri

Anza na dakika 10 mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu nenda 15, na taratibu ufike siku tano. Hapo una dakika 75 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, lakini linasema wazi kuwa kiasi chochote ni bora kuliko kukaa tu. Nusu ya hizo 150 si haba: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya tafiti 15 zenye watu zaidi ya 190,000, ulikuta kwamba waliofikia nusu hiyo walikuwa na hatari ya kupata sonona iliyo pungufu kwa asilimia 18 kuliko wasiofanya mazoezi kabisa. Waliofikia kiwango chote, asilimia 25. Utaona kwamba sehemu kubwa ya faida iko mwanzoni. Ila tafiti hizo zilifuatilia watu tu, na mwenye moyo mwepesi pia hutembea kwa urahisi zaidi, kwa hiyo usizisome kama ahadi.

Mama yule wiki ya pili aliamka na 6, akafurahi, akatembea mpaka Ujiji. Magoti yakavimba, siku nne hakutoka, na namba ikarudi 2. Tulianza tena kwenye mwembe wake, dakika 10. Siku njema ndiyo ya kujizuia.

Siku mbaya nayo ina kipimo chake: dakika 3, kuzunguka nyumba. Hesabu kuwa umetembea.

Hatua ya 5: Soma daftari baada ya wiki tatu

Usitazame siku moja moja. Tazama namba za kabla ya kutoka: je, zimepanda kuliko za wiki ya kwanza? Za mama zilitoka 2 na 3 zikafika 4 na 5 kufikia wiki ya sita, na usingizi uliokuwa unakatika saa 9 usiku ukaanza kufika alfajiri. Hakuwa amepona. Aliendelea na ushauri nasaha, na deni lake la kikoba bado lilikuwepo.

Namba zisiposogea, au zikishuka, njoo kituo cha afya na daftari lako, litatusaidia sana. Usiache dawa kwa sababu umeanza kutembea. Ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama ukapimwe. Na kama yanakujia mawazo ya kujiua, usisubiri wiki tatu wala usiende peke yako: mwambie mtu mmoja leo, akusindikize hospitali.

Mvua ikinyesha

Masika hukatisha wengi. Siku hiyo kaa kwenye kiti imara, simama bila kushika popote, kaa tena, mara 10. Pumzika dakika moja, rudia mara mbili. Kama magoti hayakuruhusu, shika meza. Andika namba kabla na baada, kama kawaida.